Kitufe cha kupiga simu kwenye tovuti ya teksi au usafirishaji: kinakwama wapi na kwa nini

Kitufe cha kupiga simu hakipigi simu. Kazi yake ni kuikabidhi namba kwa programu ya simu iliyomo kwenye kifaa cha mteja, kisha kinanawa mikono. Yanayofuata ni ya simu yenyewe, ya mtandao wa mteja, na mwishowe ya mtu aliyekaa kwenye dawati la oda. Ndiyo maana lalamiko la "kitufe chenu hakifanyi kazi" halisaidii sana mpaka umuulize mteja jambo moja: ulipogusa, uliona nini kwenye skrini?

Majibu huwa machache. Namba ilitokea lakini simu haikuunga. Hakuna kilichotokea. Kilifunguka kitu kingine. Au simu iliita vizuri, ila aliyepokea hakuwa mtu wa kumsaidia. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo hujificha zaidi: mwenye kampuni akijaribu mwenyewe, kila kitu kinakwenda sawa.

Katika mifano natumia 020 7946 0958, namba ya London iliyo katika kundi lililotengwa na mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza kwa ajili ya filamu na tamthilia, kwa hiyo haina mwenyewe. Weka namba yako na msimbo wa nchi yako mahali pake.

## Namba inatokea, lakini simu haiungi

Kiungo cha simu kina sehemu mbili, na si lazima zifanane: maandishi anayoyaona mteja, na namba iliyoandikwa ndani ya kiungo. Simu hupiga ile ya ndani. Kiungo kilicho sawa kinaonekana hivi:

```
<a href="tel:+442079460958">020 7946 0958</a>
```

Mteja anaiona namba kwa sura aliyoizoea, yenye nafasi na sifuri ya mwanzo. Ndani, namba ni ya kimataifa: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, halafu tarakimu zilizobaki bila ile sifuri. Kanuni za viungo hivi zimo katika hati ya RFC 3966 ya mwaka 2004. Vistari, nukta na mabano vinaruhusiwa kama vitenganishi; nafasi tupu haziruhusiwi. Simu nyingi huzivumilia nafasi, lakini hakuna haja ya kutegemea huruma hiyo. Andika tarakimu zikiwa zimeshikana. Zikizidi 15, msimbo wa nchi ukiwemo, ujue kuna kitu kimeongezeka.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni sifuri ya mabano. Kampuni huandika namba yake +44 (0)20 7946 0958, na msomaji anaelewa kwamba sifuri hiyo ni ya wanaopiga wakiwa ndani ya nchi. Simu haielewi hivyo. Kwake mabano ni pambo. Inayatupa na kupiga +4402079460958, sifuri ikiwa imebanwa katikati. Mtandao mmoja unaweza kuirekebisha kimyakimya, mwingine ukamjibu mteja kwamba namba hiyo haipo. Tiba ni kuiondoa sifuri ndani ya kiungo, na ikiwezekana kuyafuta mabano hata kwenye maandishi. Ila usiifute kwa mazoea kila mahali: namba za mezani za Italia, kwa mfano, hubaki na sifuri yake hata baada ya +39.

Kosa la pili halionekani kwa macho kabisa. Mtu anainakili namba kutoka kwenye orodha ya majina ya simu au kwenye mazungumzo ya WhatsApp na kuibandika kwenye kisanduku cha kiungo. Wakati mwingine namba hiyo huja na herufi zisizoonekana, ambazo kazi yake ni kuelekeza maandishi yasomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitazama kisanduku, namba ni ileile. Ukigusa kitufe, baadhi ya simu huipiga bila shida na nyingine hukataa au huonyesha uwanja mtupu.

Namna ya kuligundua ni kufungua tovuti kwenye kompyuta, kubofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua "Copy link address", na kubandika kwenye programu ya maandishi matupu. Ukikuta `%E2%80%AA` mbele ya namba au `%E2%80%AC` nyuma yake, umeshamkamata mwizi. `%20` ni nafasi tupu, na `%E2%80%93` ni kistari kirefu kilichotoka kwenye programu ya kuandikia barua. Usijaribu kuzifuta moja moja, maana huzioni. Futa kisanduku chote na uandike namba kwa vidole vyako.

Kitufe cha WhatsApp kina kanuni yake, na watu huichanganya na ya simu. Chenyewe hakitaki alama ya kujumlisha, wala sifuri za mwanzo, wala vistari:

```
https://wa.me/447700900123
```

Aliyenakili namba ya kiungo cha simu na kuiweka hapa, au kinyume chake, atakuwa ameharibu mojawapo.

## Hakuna kinachotokea

Hapa kuna jaribio moja linaloligawa tatizo katika nusu mbili. Badala ya kugusa kitufe, kibonyeze na ukishikilie. Ikitokea menyu yenye namba, yaani ya kupiga, kunakili au kuhifadhi, mguso wako unafika kwenye kiungo na wa kushukiwa ni msimbo unaoendesha ukurasa. Isipotokea, ama kuna kitu kimelala juu ya kitufe, ama hicho unachokiita kitufe ni picha tu isiyo na kiungo.

Vinavyolala juu ya kitufe vinajulikana. Kampuni nyingi za teksi hukiweka kitufe cha simu chini ya skrini ili kidole gumba kikifikie kwa urahisi, na hapohapo ndipo hukaa tangazo la vidakuzi na kiputo cha gumzo. Mwenye tovuti halioni tangazo hilo kwa sababu alishalikubali siku nyingi na kivinjari kinamkumbuka. Abiria anayefungua tovuti kwa mara ya kwanza analiona, na kwa biashara ya teksi huyo ndiye mteja wa kawaida. Kwa hiyo majaribio yote yafanyike kwenye dirisha la faragha la kivinjari, kwa simu halisi, bila kugusa tangazo. Kisha likubali tangazo na ujaribu tena, kwa kuwa yapo matangazo yanayofungwa yakaacha pazia lisiloonekana ambalo linaendelea kumeza miguso.

Ukubwa wa kitufe nao ni chanzo, hasa pale kitufe cha simu na cha WhatsApp vinapobanana. Mwongozo wa Apple unataka eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kila upande, wa Android 48, na kiwango cha ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2 cha mwaka 2023, kinaweka chini kabisa pikseli 24. Hicho cha 24 mimi sikitumii kwa teksi. Anayegusa amesimama kando ya barabara, mkono mmoja una begi.

Menyu ikitokea ulipobonyeza na kushikilia, lakini mguso wa kawaida haufanyi kitu, tafuta msimbo wa kuhesabu miguso. Mara nyingi umeandikwa hivi:

```
link.addEventListener('click', function (e) {
  e.preventDefault();
  track('call', function () {
    location.href = link.href;
  });
});
```

Mstari wa pili unamzuia mteja asipige simu. Kisha ukurasa unatuma taarifa kwa huduma ya takwimu na kusubiri jibu, na jibu likirudi ndipo namba inakabidhiwa. Mteja mwenye programu ya kuzuia matangazo hatapata jibu hilo kamwe, kwa sababu huduma ya takwimu imezuiwa pamoja na matangazo. Kwake kitufe kimekufa. Kwenye mtandao wa pole kinachelewa, mteja anagusa tena na tena, na takwimu zinajaa. Ondoa `preventDefault` na uache kiungo kijiendee chenyewe. Kiungo cha simu hakimtoi mteja kwenye ukurasa, hivyo taarifa ya kuhesabu itapata muda wa kutumwa.

## Kinafunguka kitu kingine

Ukurasa wa "haupatikani" maana yake ni kwamba mfumo wa kujengea tovuti umeidhania namba kuwa anwani ya wavuti na kuiongezea `https://` mbele. Mifumo mingi ina chaguo la aina ya kiungo. Chagua simu, wala usiibandike namba kwenye kisanduku cha anwani. Ukifunguka ukurasa mweupe kwenye kichupo kipya, kiungo kina `target="_blank"`. Kifute.

Ujumbe wa `net::ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME` ni kesi tofauti. Hutokea kwenye Android, pale tovuti inapofunguliwa ndani ya programu nyingine ambayo haikufundishwa kukabidhi viungo vya simu kwa mfumo. Ikiwa programu hiyo ni ya kampuni yako, iliyotengenezwa kwa kuizungushia tovuti ganda, mtengenezaji ndiye wa kulitatua. Ikiwa ni ya watu wengine, huwezi kuirekebisha. Unachoweza ni kuhakikisha namba yenyewe imeandikwa kando ya kitufe kama maandishi yanayonakilika, si ndani ya picha wala nyuma ya neno "Piga" pekee.

Tahadhari hiyohiyo inamwokoa anayetumia kompyuta. Yeye akibofya, kompyuta humuuliza atumie programu gani, na mara nyingi hana. Hiyo si hitilafu. Anataka kuiona namba ili aibonyeze kwenye simu iliyo mezani.

## Miguso mingi, simu chache

Chukua kampuni ya teksi inayopokea abiria wa uwanja wa ndege. Takwimu za tovuti zinaonyesha kitufe kinaguswa sana, lakini kumbukumbu za simu za dawati ziko mbali mno na hesabu hiyo. Wafanyakazi wamekijaribu kitufe na kinaita. Mwenye kampuni anaanza kuwashuku wapokea simu.

Hatua ya kwanza ni kuondoa miguso ya kompyuta, maana mingi ya hiyo haikuwa na njia ya kuwa simu. Pengo linapungua, lakini halizibiki. Ya pili ni kukumbuka kwamba iPhone humwuliza mteja athibitishe kabla ya kupiga, na Android kwa kawaida humwonyesha namba na kusubiri abonyeze kitufe cha kijani. Wapo wanaoahirisha hapo. Pengo dogo litakuwepo siku zote, usilifukuze.

Ya tatu ndiyo iliyofumbua. Miguso inagawanywa kwa nchi ya mgeni na kulinganishwa na simu zilizoingia, saa kwa saa. Wageni waliomo nchini: miguso na simu vinaendana. Wageni walio nje: miguso ipo, simu za kutoka nje karibu hazipo. Sasa wagawanywe hao wa nje kwa ukurasa walikogusia, na inaonekana kwamba simu chache zilizofika zilitoka ukurasa mmoja tu, ule wa mawasiliano.

Kinachobaki ni kulinganisha viungo viwili. Ukurasa wa mawasiliano una `tel:+442079460958`. Kitufe cha juu, kinachojirudia kwenye kurasa nyingine zote, kina `tel:02079460958`. Maandishi ya vyote viwili ni yaleyale. Wafanyakazi walijaribu kwa laini za humohumo nchini, na kwa laini hizo namba fupi inatosha. Lakini abiria anayeweka nafasi ya gari akiwa bado kwao, siku mbili kabla ya safari, simu yake inapiga 02079460958 kama namba ya nchi yake. Namba hiyo kwao ama haipo, ama ni ya mtu asiye na habari ya teksi. Abiria aliyekwishatua na laini ya kigeni yuko katikati: mtandao unaweza kumwelewa au usimwelewe.

Marekebisho ni mstari mmoja kwenye kiolezo cha kichwa cha ukurasa. Kuthibitisha hakuhitaji kumtafuta mtu aliye ughaibuni. Gusa kitufe, usipige, soma namba iliyotokea kwenye programu ya simu. Ikianza na +44 na tarakimu zikafuatana bila sifuri ya ziada, kazi imekwisha. Fanya hivyo kwa kila kitufe cha kila ukurasa, kwa sababu kama ulivyoona, kimoja kuwa sahihi hakusemi lolote kuhusu jirani yake.

Kuna namba ambazo hakuna kiungo kitakachoziokoa. Namba fupi za tarakimu chache haziwezi kupigwa kutoka nchi nyingine, na namba za bure mara nyingi hazipatikani. Kampuni inayotangaza namba ya bure peke yake kwa abiria wa ndege iweke na namba ya kawaida pembeni, ikiwa na msimbo wa nchi ndani ya maandishi yenyewe.

## Simu inaita, lakini imefika pasipo pake

Dalili hii ni ya kampuni za kusafirisha mizigo kuliko za teksi. Laini ya oda inakuwa na shughuli muda wote, lakini oda hazilingani na shughuli hiyo. Sikiliza simu za asubuhi moja, au muulize tu anayezipokea, na utakuta wengi wanauliza mzigo wao umefika wapi. Wamepiga hapo kwa sababu kitufe kilichoandikwa "Tupigie" hakibagui.

Kuongeza namba ya pili hakusaidii kama zimeandikwa "Simu 1" na "Simu 2". Mteja ataanza na ya kwanza. Zipe majina ya shida alizo nazo: "Agiza usafiri", "Mzigo wangu uko wapi", "Nimesahau kitu garini". Mbili za mwisho si lazima ziwe simu. Anayefuatilia mzigo huridhika zaidi na ukurasa wa kuingiza namba ya mzigo, na laini ya oda inapumua.

Kando ya kila namba andika saa na eneo. Saa ziandikwe kwa mtindo wa 06:00–22:00, na kama una wateja wa nje, taja kuwa ni saa za mahali mlipo. Dawati likifungwa, kitufe kikubwa cha "Piga sasa" kisibaki pale kikiita kwenye chumba chenye giza; kibadilishwe kiwe ujumbe au fomu mpaka asubuhi. Eneo mnalohudumia nalo lionekane kabla ya kugusa. Simu ya mtu aliye nje ya eneo ni dakika mbili za mpokea simu na hasira za watu wawili.

## Namba imebadilishwa, wateja bado wanapiga ya zamani

Namba moja hukaa sehemu nyingi kuliko unavyofikiri: kiolezo cha juu, sehemu ya chini ya ukurasa, kiungo cha WhatsApp, picha ya tangazo, na data iliyopangwa kwa ajili ya injini za utafutaji, kwenye kipengele cha `telephone`. Nje ya tovuti kuna wasifu wa biashara kwenye ramani. Ukiitafuta namba nzima ndani ya msimbo utaikosa pale ilipoandikwa kwa nafasi au vistari tofauti. Tafuta tarakimu nne za mwisho, hapa `0958`, kwa kuwa mara nyingi ndizo hubaki zimeshikana. Picha utalazimika kuzitazama kwa macho.

Ikiwa mnatumia huduma ya kufuatilia simu kwa matangazo, msimbo wake hubadilisha namba baada ya ukurasa kumaliza kupakia. Kwa hiyo msimbo wa ukurasa utaonyesha namba mpya na skrini itaonyesha nyingine. Baadhi ya huduma hizo zikisanidiwa vibaya hubadilisha maandishi na kuacha kiungo, au kinyume chake. Mkataba wao ukiisha, namba walizowakodisha huweza kupewa mtu mwingine, na msimbo uliosahaulika kwenye ukurasa utaendelea kuwapelekea wateja huko. Uondoe msimbo kabla ya kusitisha mkataba. Halafu safisha kache ya tovuti, na laini ya zamani ielekezwe kwenye mpya mpaka simu zake zikome zenyewe.

Mwisho ni jambo la iPhone. Safari hukisia namba za simu ndani ya maandishi na kuzigeuza viungo bila kuombwa, na namba ya oda au ya mzigo ikiwa na tarakimu za kutosha nayo huangukia humo. Mteja anagusa namba ya mzigo wake ili ainakili, na simu inamuuliza kama anataka kuipiga. Hili huzimwa kwa mstari mmoja:

```
<meta name="format-detection" content="telephone=no">
```

Kabla ya kuuweka, pitia kurasa zote. Kila namba ya simu ambayo haikuandikiwa kiungo chake, ikawa inapigika kwa sababu tu Safari ilikuwa inaikisia, itageuka kuwa maandishi matupu mara utakapouweka mstari huo.